Mtihani wa Kiingereza uje mwisho, si mwanzo: wauguzi wa Mangina na saa ya miaka miwili

Mangina, wilaya ya Beni. Tangu ugonjwa wa Ebola utangazwe hapa tarehe 1 Agosti 2018, wauguzi wengi vijana wa eneo hili wamefanya kazi bega kwa bega na wageni. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha matibabu hapa Mangina mwezi huo huo wa Agosti, na kazi ikaendelea hadi ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kuvaa mavazi ya kinga, kujaza fishi za wagonjwa, kufuatilia waliogusana na mgonjwa: hayo yote yalifanyika mbele ya macho ya watu waliotoka mbali. Ndipo wazo likaingia vichwani kwamba kazi hii hii inaweza kufanyika Uingereza, Kanada au Ujerumani, kwa mshahara unaolipwa kila mwisho wa mwezi.

Hakuna ubaya katika wazo hilo. Ubaya uko katika mpangilio wa safari yenyewe. Familia inauza kakao ya msimu mzima, au inakopa kwa jirani, na kitu cha kwanza inacholipia ni mtihani wa Kiingereza. Mawakala wanapenda iwe hivyo, kwa sababu kozi ya maandalizi ndiyo biashara yao. Lakini kwa muuguzi wa Mangina, na zaidi kwa muuguzi aliyekimbilia Beni, Butembo, Mambasa au ng'ambo ya mpaka Uganda, mtihani huo unapaswa kuwa hatua ya mwisho kabla ya kupeleka maombi. Sababu ni moja: matokeo yana saa yake, na saa hiyo inaanza kuhesabu siku ile ile unapokaa mtihani.

Tuanze na alama zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanadanganyika.

Baraza linalosajili wauguzi Uingereza linaitwa NMC. Linakubali mitihani miwili ya lugha. Wa kwanza ni IELTS, ule wa aina ya kitaaluma, wenye sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu inapewa alama hadi 9. NMC inataka 7 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Zamani hata kuandika kulitakiwa 7. Ilishushwa mwishoni mwa 2018. Mtihani wa pili ni OET, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya. Huko wanataka daraja B, yaani alama 350 kati ya 500, katika sehemu tatu, na C+, yaani 300, katika kuandika.

Cheti cha IELTS kina pia alama ya jumla, ambayo ni wastani wa sehemu zote nne. Mtu anaona 7 imeandikwa pale, anapiga simu nyumbani, watu wanaimba. Lakini NMC haihesabu ile ya jumla, inaangalia kila sehemu peke yake. Mwenye 7.5 kusikiliza, 7.5 kusoma, 7 kuzungumza na 6 kuandika ana wastani wa 7 kamili, na bado hajatimiza sharti, kwa sababu ya nusu alama ile ya kuandika.

Wakenya walionja jambo hili mbele ya dunia nzima. Julai 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi Wakenya kufanya kazi Uingereza. Miezi minne baadaye, Novemba 2021, rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Wengi walicheka. Hawakupaswa kucheka. Muuguzi Mkenya amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, anaandika ripoti za zamu kwa Kiingereza, na vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza. Hata hivyo Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo NMC inazihesabu kuwa za wasemaji wa Kiingereza, na Uganda pia haimo. Kwa hiyo mtu wa huko naye anapelekwa kwenye mtihani.

Na mtihani huo haupimi kama unajua kuhudumia mgonjwa. Sehemu ya kuandika ya IELTS inakupa dakika 60 kwa maandishi mawili. La kwanza ni maneno 150 angalau, kueleza mchoro au jedwali. La pili ni maneno 250 angalau, kutoa hoja juu ya jambo ambalo huenda halihusu hospitali hata kidogo: usafiri wa mijini, matangazo ya biashara, wazee na watoto wao. Hilo la pili lina uzito mara mbili ya la kwanza. Anayetumia dakika 35 akipamba mchoro anabaki na dakika 25 kwa andiko lililobeba alama nyingi, na huko ndiko anakoangukia.

Ikiwa huyo Mkenya anahangaika, basi muuguzi wa hapa, aliyesoma ITM au ISTM kwa Kifaransa, anayezungumza na mgonjwa kwa Kinande na Kiswahili, anahitaji muda mrefu zaidi. Kwa mtu wa aina hiyo OET mara nyingi inafaa zaidi. Kuandika kwake ni barua moja ya kumhamisha mgonjwa au kumkabidhi kwa mwenzako, maneno kama 180 hadi 200, ukipewa kumbukumbu za mgonjwa mbele yako: dakika 5 za kuzisoma na 40 za kuandika. Kuzungumza ni maigizo mawili, wewe muuguzi na mwingine mgonjwa au ndugu yake. Kazi kubwa pale ni kuchagua: kipi kwenye fishi mwenzako anahitaji kukijua, kipi uache. Muuguzi aliyewahi kuandika karatasi ya uhamisho kutoka kituo cha afya kwenda hospitali kuu anaijua kazi hiyo tayari. Kinachobaki ni Kiingereza chenyewe.

Sasa tuje kwenye saa.

Matokeo ya lugha, kwa NMC, yanatakiwa yawe na umri usiozidi miaka miwili siku unapowasilisha maombi. Wenye mitihani hiyo nao wanahesabu hivyo: miaka miwili, kwa maelezo kwamba lugha isiyotumika inapotea. Si uongo. Atakayesoma Kiingereza mwaka huu na kurudi kuishi kwa Kinande na Kifaransa tu, baada ya miaka mitatu hatakuwa pale alipokuwa. Lakini sharti hilo liliandikwa kwa kumfikiria mtu anayeweza kupata karatasi zake kwa wiki chache. Halikumfikiria mtu ambaye diploma yake ilibaki ndani ya nyumba alipokimbia usiku.

Chukua mfano wa muuguzi mmoja wa kufikirika, mwanamke wa daraja A1, aliyekimbia mashambulizi ya ADF na kupokelewa na shangazi yake Butembo. Anakaa IELTS Kampala tarehe 15 Machi 2025. Anapata kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuandika 6 na kuzungumza 6.5. Wastani wake ni 6.75, na kwenye cheti unapandishwa kuwa 7. Lakini kwa NMC amekosa nusu alama katika kuandika na nusu alama katika kuzungumza.

Hajapotea. NMC inaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili. Tangu tarehe 8 Februari 2023 mitihani hiyo miwili inaweza kupishana hadi miezi 12. Kabla ya hapo ilikuwa miezi 6 tu. Sharti ni kwamba kila sehemu iwe imefikia alama inayotakiwa katika mmoja wa mitihani hiyo, na katika wote wawili pasiwe na alama iliyoshuka zaidi ya nusu chini ya inayotakiwa. Maana yake, hakuna chini ya 6.5 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na hakuna chini ya 6 katika kuandika. Kwa OET ni vivyo hivyo: hakuna chini ya C+ katika zile tatu, wala chini ya C katika kuandika.

Basi muuguzi wetu ana hadi katikati ya Machi 2026 kurudi Kampala. Anarudi Oktoba 2025. Mara hii ametia nguvu zote katika kuandika na kuzungumza, na amepata 6.5 na 7. Kusikiliza kumeshuka hadi 6.5, kusoma nako 6.5. Ukiweka matokeo mawili pamoja, amekamilisha: kusikiliza 7.5 na kusoma 7 kutoka Machi, kuandika 6.5 na kuzungumza 7 kutoka Oktoba. Lakini kama kusoma kwa Oktoba kungeshuka hadi 6, muungano wote ungekataliwa, hata kama Machi alikuwa na 7. Hili halielezwi na walimu wengi wa kozi. Wanamwambia mwanafunzi ajitahidi katika sehemu aliyoanguka, asahau nyingine. Anayezisahau nyingine anaweza kuzama nazo.

Na sasa saa yake inahesabu kutoka wapi? Mwenye busara atahesabu kutoka mtihani wa zamani zaidi, yaani Machi 2025. Kwa hiyo maombi yake yawe yamefika kabla ya 15 Machi 2027. Kutoka Oktoba 2025 amebakiwa na miezi 17. Yaonekana ni mingi.

Haimtoshi, ikiwa ndiyo kwanza anaanza kutafuta karatasi. Anahitaji nakala ya diploma na ya alama zake kutoka shule, na shule yenyewe huenda imehamishwa au imefungwa kwa miezi. Anahitaji uthibitisho kutoka chombo kinachosajili wauguzi nchini kwamba amesajiliwa na hana kosa, na uthibitisho huo NMC inataka utoke kwa chombo chenyewe, si kwa mkono wa mwombaji. Kwetu chombo hicho ni Chama cha Kitaifa cha Wauguzi, kilichoundwa kwa sheria ya 2016, na wauguzi wengi wa vijijini hawajawahi kujiandikisha kwake kwa sababu hakuna aliyewadai. Anayeanza kujiandikisha leo hana historia ya kuthibitishwa. Kisha karatasi hizo zote ziko kwa Kifaransa, na zinahitaji mtafsiri anayekubalika.

Kuna pia pasipoti. Hapa watu wanaishi kwa kadi ya uchaguzi. Ndiyo kitambulisho cha benki, cha barabara, cha kila kitu. Mkongomani anayekwenda kufanya IELTS nje ya nchi anatakiwa kuwa na pasipoti, na namba yake ndiyo inayoandikwa kwenye matokeo. Jina kwenye pasipoti liwe sawa na jina kwenye diploma. Kwetu jambo hilo si dogo: mtu ana jina la kuzaliwa la Kinande, jina la baba, jina la ubatizo, na karani wa shule aliandika mawili, karani wa pasipoti akaandika matatu, kwa mpangilio mwingine. Kurekebisha hilo mahakamani kunakula miezi. Ikiwa mtihani umeshafanyika, miezi hiyo inatolewa kwenye ile 24.

Ndiyo maana mpangilio uwe kinyume cha ule wa mawakala. Kwanza jina moja katika karatasi zote. Pili pasipoti. Tatu uandikishaji katika chama cha wauguzi na barua ya shule. Muda wote huo jifunze Kiingereza bila kulipia mtihani. Redio ipo, vitabu vya zamani vya OET na IELTS vinapatikana kwa simu, na aliye Uganda anakisikia kila siku sokoni. Karatasi za shule hazina saa kama ya lugha. Diploma ya 2016 ni diploma ile ile leo. Zitakapokuwa mezani zote, hapo ndipo unavuka Kasindi kwenda Kampala kukaa mtihani, na saa inapoanza kuhesabu wewe uko tayari kubonyeza.

Mtu anaweza kupinga kwamba bila matokeo mkononi hakuna hospitali itakayokuangalia. Kweli kwa mwajiri. Lakini mwajiri wa Uingereza ana jambo jingine ambalo wauguzi wa hapa hawaambiwi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi wa afya, na Kongo imo. Uingereza imejiwekea kanuni kwamba hospitali na mawakala wake wasiende kuwinda wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe hakatazwi kuomba kazi kwa hiari yake, moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayekuja Mangina au Beni akisema ametumwa kukusanya wauguzi kwa ajili ya Uingereza, na kwamba ada ya mtihani ilipwe kwake, ama anavunja kanuni ya nchi anayodai kuiwakilisha, ama hajatumwa na mtu yeyote. Njia zote mbili, dola zako zisalie mfukoni.

Haki ya kusema inabaki pia kwa upande wa pili. NMC ingeweza kuisimamisha saa siku mwombaji anapofungua faili, badala ya kuhesabu hadi siku faili linapokamilika na kuwasilishwa. Kupanua muda wa kuunganisha kutoka miezi 6 hadi 12 kulionyesha kwamba sheria hizi si mlima. Zinasogezwa watu wakilalamika vya kutosha. Aliyekimbia vita angeweza kupewa mwaka wa tatu kwa barua ya kuthibitisha hali yake. Na vyeti vingine vya lugha havifi: DELF ya Kifaransa, kwa mfano, ni diploma ya maisha. Cheti cha Kijerumani cha Goethe nacho hakina tarehe ya kufa, ingawa ofisi nyingi zinataka kisiwe cha zamani sana, na kwa uuguzi Ujerumani kwa kawaida huomba ngazi ya B2.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo ni ajabu haliulizwi Mangina: kwa nini Kiingereza? Muuguzi wa hapa amesoma kwa Kifaransa miaka yote. Huko Kebeki, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa, sheria ya lugha inasema kwamba mtu aliyesoma miaka mitatu ya sekondari au ya juu kwa Kifaransa, muda wote, anahesabiwa kuwa anakijua Kifaransa cha kutosha kupewa kibali na chama cha taaluma yake. Hafanyi mtihani wa lugha kwa ajili ya kibali hicho. Muuguzi wa Butembo mwenye diploma ya serikali amesoma miaka hiyo mitatu na kupita.

Pasiwe na kuchanganya, maana hapa nako kuna mtego. Chama cha wauguzi cha Kebeki kina masharti yake mengine: kulinganisha diploma, mafunzo ya nyongeza, mtihani wa kazi. Na idara ya uhamiaji ni mlango tofauti kabisa. Yenyewe inaomba mtihani wa Kifaransa, TCF au TEF, hata kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na matokeo ya mitihani hiyo yanaishi miaka miwili. Wako waliolipia TCF wakidhani ni ya usajili wa uuguzi, wakaiacha izeeke wakisubiri diploma ilinganishwe. Kwa Uingereza mambo ni kinyume: muuguzi ambaye Kiingereza chake kimeshakubaliwa na NMC hatakiwi kufanya mtihani mwingine wa lugha kwa ajili ya viza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, swali la kuuliza ni hili: mtihani huu unadaiwa na nani, na utasomwa siku gani?

Kwa familia zilizoko kambini na kwa wenyeji zinakokaa: kama kijana wenu ameshafanya mtihani, chukueni cheti, tafuteni tarehe ya mtihani wenyewe, si tarehe cheti kilipochapwa, na ongezeni miaka miwili. Iandikeni mahali mtakapoiona. Ikiwa kimebaki chini ya mwaka na karatasi za shule bado hazijatoka Butembo, msilipie kozi nyingine sasa. Nauli hiyo ya kwenda kudai barua ya shule ndiyo inayohitajika kwanza.